Mishale Sita na Mkono Mmoja

Ukipekua slaidi za somo la sayansi ya siasa za mwaka wa kwanza chuoni, hutakosa kukuta mchoro huu. Visanduku vitatu vimepangwa pembetatu: Serikali, Bunge, Mahakama. Kati ya kila visanduku viwili pana mishale miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, kwa hiyo mishale yote ni sita. Juu ya kila mshale pameandikwa maneno machache: Rais hutia saini miswada, Bunge hupitisha bajeti na linaweza kumwondoa Rais, Mahakama hubatilisha sheria inayokiuka Katiba, Rais huteua majaji. Mwanafunzi hunakili, hukariri, hufaulu mtihani, kisha hufungua redio asisikie hata siku moja habari inayofanana na ule mchoro.

Mchoro wenyewe hauna kosa. Kasoro ni kwamba mishale yote sita imechorwa kwa unene mmoja na rangi moja, kana kwamba inafanya kazi kwa namna moja. Kila mshale una mtu mwishoni mwake anayetakiwa kufanya jambo: kutia saini, kupiga kura, kuapisha, kutoa fedha. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mshale ni moja: mtu huyo asipofanya kitu, akanyamaza tu, nini kitatokea? Nitaujibu kwa kufuata mishale michache ya Katiba ya Kenya ya 2010, kwa sababu huko swali hili liliulizwa kwa vitendo, miaka mitatu mfululizo, na majibu yake yanaonekana wazi.

Kabla ya hapo, neno kuhusu nadharia. Slaidi huanza na Montesquieu, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake kikubwa 1748 akidai kwamba anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu wasiwe mtu mmoja. Slaidi ya pili humtaja James Madison wa Marekani, aliyeandika 1788 kuwa kutenganisha peke yake hakutoshi. Mihimili ikitengwa kabisa, kila mmoja utakuwa mfalme ndani ya ua wake na hakuna wa kumgusa mwenzake. Ili udhibitiane, lazima kila mhimili upewe mkono mdogo ndani ya kazi ya mwingine. Ndiyo maana Rais, ambaye si mbunge, ana neno la mwisho au la karibu na mwisho juu ya mswada. Na ndiyo maana majaji, ambao hawamtumikii Rais, huteuliwa naye. Mishale ni uingiliaji ulioruhusiwa. Hatari yote iko katika kujua uingiliaji huo unaishia wapi.

Tuanze na mshale wa saini, kwa sababu waandishi wa Katiba waliushona vizuri. Mswada ukishapita bungeni hupelekwa kwa Rais, naye, kwa Ibara ya 115, ana siku 14. Ndani ya siku hizo atafanya moja kati ya mambo mawili: atatia saini, au ataurudisha bungeni akiandika anachokikataa. Bunge likiurekebisha kulingana na hoja zake, wingi wa kawaida unatosha. Likitaka kuupitisha ulivyokuwa, bila kumsikiliza, linahitaji theluthi mbili ya wabunge. Katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349, hiyo ni kura 233, na kwa mswada unaozihusu kaunti, Seneti nayo lazima ifikishe theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti. Hesabu hiyo peke yake inampa Rais nguvu kubwa, maana kumkubalia ni rahisi kuliko kumpinga.

Lakini je, akinyamaza? Asitie saini, asiurudishe, aache mswada umekaa mezani? Hapo Katiba imeweka saa. Siku 14 zikiisha, mswada huhesabiwa kuwa umetiwa saini. Hata baada ya Bunge kupata theluthi mbili, Rais hupewa siku saba, na zikipita bila saini matokeo ni yaleyale. Kimya chake kimegeuzwa kuwa ndiyo. Hawezi kuua mswada kwa kuusahau. Akitaka kuuzuia ni lazima ajitokeze hadharani, aandike sababu, na abebe lawama au sifa.

Juni 2024 Wakenya walimwona Rais akijitokeza hivyo. Mswada wa Fedha ulipitishwa tarehe 25, siku ambayo vijana waliokuwa wakiandamana waliingia ndani ya majengo ya Bunge na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kuwa hatatia saini, akaurudisha bungeni akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Kisheria wabunge wangeweza kuusimamia kwa kura 233. Haukupitishwa tena. Mtu anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba kilichomlazimisha ni barabara za Nairobi wala si Ibara ya 115. Hata hivyo ibara ile ndiyo iliyompa siku za kuhesabu na njia ya kupita.

Sasa tuutazame mshale unaotoka Serikalini kwenda Mahakamani, ule ulioandikwa kwamba Rais huteua majaji. Kwenye slaidi unafanana kabisa na ule wa miswada, ila umeshonwa vingine.

Kuuelewa inabidi kurudi nyuma kidogo. Chini ya Katiba ya zamani Rais alimteua Jaji Mkuu peke yake, na tume iliyopendekeza majaji wengine ilijaa watu aliowateua yeye. Mwaka 1988 Bunge, likiwa la chama kimoja, lilibadili Katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa ajira, wakawa watu wanaoweza kufutwa kazi. Ulinzi huo ulirudishwa 1990, lakini funzo lilikuwa limeingia: jaji anayejua kwamba kazi yake iko mfukoni mwa mtu fulani hawezi kuhukumu kesi ya mtu huyo.

Ndiyo maana Katiba ya 2010 iliikabidhi kazi ya kuchagua majaji Tume ya Huduma za Mahakama, JSC. Tume hiyo ina watu 11: Jaji Mkuu ambaye ni mwenyekiti, wawakilishi wanne waliochaguliwa na majaji na mahakimu wenzao, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili waliochaguliwa na mawakili, mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wananchi wawili wasio wanasheria wanaoteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Tazama jinsi mihimili yote mitatu imewekewa mkono mle, na hakuna mmoja wenye wingi wa kuamuru. Tume hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani, huwachuja, kisha hupeleka majina Ikulu. Ibara ya 166 inasema Rais atawateua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume. Jaji Mkuu na naibu wake tu ndio wanaohitaji pia idhini ya Bunge la Taifa.

Ibara hiyo haitaji siku. Haisemi ndani ya 14 wala ndani ya 90, na haisemi kwamba muda ukipita watahesabiwa wameteuliwa. Waandishi waliamini kuwa amri ya Katiba inatosha.

Dalili kwamba haitoshi zilionekana mapema. Mwaka 2015 Bunge lilibadili sheria ya Tume ili Rais apelekewe majina matatu ya Jaji Mkuu achague moja, badala ya kupokea jina moja. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilibatilisha mabadiliko hayo, ikisema Katiba haimpi Rais chaguo hilo. Hapa mishale ilifanya kazi kama ilivyochorwa: mhimili mmoja ukajaribu, mwingine ukazuia, mambo yakatulia.

Kisha ikaja orodha ya 2019. Tume ilipendekeza watu 41: 11 kwenda Mahakama ya Rufaa, 20 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Majina yakafika kwa Rais Uhuru Kenyatta, yakakaa. Serikali ilieleza kwamba ilikuwa na taarifa za kijasusi zinazotilia shaka uadilifu wa baadhi yao, na kwamba Rais, aliyeapa kuilinda Katiba, hawezi kuwa muhuri tu wa kugonga majina.

Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Hakuna anayetaka jaji mla rushwa, na idara ya ujasusi inaweza kujua mambo ambayo jopo la mahojiano halikuyasikia. Lakini Katiba ilikuwa imeweka milango ya hoja hiyo. Mlango wa kwanza ni wakati wa kuchuja: yeyote mwenye taarifa, vyombo vya dola vikiwemo, aipeleke kwa Tume, ambako Mwanasheria Mkuu amekaa kama mjumbe. Mlango wa pili ni baada ya kuteuliwa: Ibara ya 168 inaruhusu mtu yeyote kuwasilisha malalamiko dhidi ya jaji kwa Tume, na Tume ikiridhika humwandikia Rais, naye ndani ya siku 14 humsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza. Katika milango yote miwili mtuhumiwa husomewa tuhuma na kujitetea. Alichofanya Rais ni kuzuia katikati, mahali pasipo na mlango, na mtuhumiwa hana pa kujibia.

Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua hivyohivyo: Rais hana mamlaka ya kuyapitia upya mapendekezo ya Tume wala kuyakataa, anatakiwa kuteua. Hukumu ilikuwa wazi. Majina yakaendelea kukaa.

Hapa ndipo mwanafunzi mwenye slaidi anapopaswa kuchukua kalamu na kuandika pembeni. Mshale wa Mahakama kwenda Serikalini ni karatasi. Jaji hana polisi wake wala hazina yake. Askari wanaotekeleza amri za mahakama wanalipwa na kuongozwa na Serikali. Hukumu inayosema sheria fulani ni batili ina nguvu kubwa, kwa kuwa inachoomba ni watu waache kufanya jambo, na kila mahakama ya chini itakataa kuitumia sheria hiyo. Hukumu inayosema fulani afanye jambo, naye ni mkuu wa nchi, inategemea mkono wa huyohuyo aliyeshindwa kesi. Wamarekani walilijua hilo 1803 katika kesi ya William Marbury, aliyekuwa ameteuliwa kuwa hakimu mdogo na hati yake ikatiwa saini, lakini serikali mpya ikakataa kumkabidhi. Jaji Mkuu John Marshall alikubali kwamba Marbury ana haki ya hati yake, kisha akasema mahakama yake haina mamlaka ya kuiamuru itolewe, kwa sababu sheria iliyoipa mamlaka hayo ilikuwa inapingana na Katiba. Slaidi huisifu kesi hiyo kwa kuwa ndiyo iliyoanzisha ubatilishaji wa sheria nchini humo. Ni kweli. Lakini Marbury hakupata hati yake, na Marshall aliepuka kutoa amri ambayo huenda ingepuuzwa mchana kweupe.

Turudi Nairobi. Mwezi Juni 2021, karibu miaka miwili baada ya orodha kufika, Rais Kenyatta aliteua watu 34. Mmoja wa wale 41 alikuwa amefariki akingoja. Sita wakaachwa. Wanne kati yao walikuwa wamependekezwa kwenda Mahakama ya Rufaa: George Odunga, Joel Ngugi, Weldon Korir na Aggrey Muchelule. Wawili, Evans Makori na Judith Omange, walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wale wanne walikuwa tayari ni majaji wa Mahakama Kuu. Waliendelea kuketi kila siku, wakiamua kesi za mauaji, za mali, za Katiba. Ikiwa uadilifu wao ulikuwa na doa la kuwazuia wasipande, vipi uliwafaa kubaki? Hakuna aliyefungua malalamiko chini ya Ibara ya 168 kwa niaba ya Serikali ili doa hilo lithibitishwe. Wananchi nao walitazama kalenda: tarehe 13 Mei 2021, wiki tatu tu kabla ya uteuzi, Odunga na Ngugi walikuwa katika jopo la majaji watano lililosimamisha mpango wa BBI wa kubadili Katiba, mradi ambao Rais alikuwa ameubeba mwenyewe.

Madhara ya kuchelewa hayakuwa ya nadharia. Mahakama ya Rufaa husikiliza kesi kwa majopo ya majaji watatu, na Katiba inataka isiwe na majaji chini ya 12. Kila jaji anapostaafu bila mrithi, majopo hupungua, na rufaa ya mtu aliyefungwa au aliyenyang'anywa shamba husogezwa mwezi, kisha mwaka. Anayeumia na mvutano wa mihimili si mhimili.

Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilijaribu kufanya kile ambacho Ibara ya 166 haikufanya: ikaweka saa. Iliamua kwamba Rais asipowateua wale sita ndani ya siku 14, watahesabiwa wameteuliwa, na Jaji Mkuu aendelee na kuwaapisha. Ukiisoma karibu na Ibara ya 115 utaona undugu wao: kimya kinageuzwa kuwa ndiyo. Mimi naona hoja yake ilikuwa na mantiki, lakini pia naona kwa nini iliwatia wasiwasi hata baadhi ya waliowaunga mkono majaji. Katika mswada, saa iliwekwa na wananchi waliopiga kura ya maoni Agosti 2010. Hapa saa iliwekwa na majaji, katika shauri la majaji wenzao, na wa kuwaapisha angekuwa jaji mkubwa kuliko wote. Mhimili uliofungiwa mlango ulikuwa unajichongea ufunguo. Serikali ilikwenda rufaa, siku 14 zikapita, na wale sita hawakuapishwa.

Walikuja kuapishwa tarehe 14 Septemba 2022. Siku moja kabla, William Ruto alikuwa ameapishwa kuwa Rais, na katika hotuba yake ya kwanza akatangaza kwamba atawateua. Mkono mpya ukafanya kwa siku moja kile ambacho mkono wa zamani ulikikataa kwa miaka mitatu. Hukumu za mahakama hazikumlazimisha mtu. Zilichofanya ni kuliweka suala hilo hai, likiwa na jina la uvunjaji wa Katiba, hadi akaja mtu mwenye sababu zake za kulimaliza.

Na Bunge? Kwenye slaidi lina mshale mkubwa kuelekea kwa Rais: linaweza kumhoji waziri, kukata bajeti ya Ikulu, hata kumwondoa Rais kwa theluthi mbili za mabunge yote mawili. Katika miaka ile mshale huo ulilegea, na sababu yake haimo katika Katiba. Tarehe 9 Machi 2018 Rais Kenyatta na Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, walipeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Kuanzia hapo wabunge wa pande zote mbili kubwa walikuwa na kiongozi anayeelewana na Ikulu. Montesquieu na Madison waliandika kabla vyama vya siasa havijawa hivi tunavyovijua. Walidhani mbunge atalilinda Bunge kwa sababu ni lake. Mbunge wa leo hulinda kwanza chama kitakachompa tiketi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mshale wa Bunge umekaza, usihesabu ibara, hesabu viti: ni vingapi vinamilikiwa na watu ambao kiongozi wao hali meza moja na Rais.

Mshale wa Bunge kwenda Mahakamani, kwa upande mwingine, ulikuwa na nguvu zote, kwa kuwa ni mshale wa fedha. Ibara ya 160 inakataza mshahara wa jaji kupunguzwa. Haikatazi kupunguza fedha za mafuta ya magari, za mahakama zinazotembea, za kulipia mtandao. Novemba 2019 Jaji Mkuu David Maraga aliita waandishi wa habari akalalamika hadharani kwamba bajeti ya Mahakama imekatwa hadi kazi inakwama. Jaji anayelazimika kuongea na kamera ili apate fedha ameishiwa na mishale mingine.

Maraga huyohuyo alijaribu mshale ambao slaidi nyingi hazina. Katiba ilitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili ya wabunge. Muda ukapita, sheria haikuja. Ibara ya 261 inasema kwamba Bunge likikaidi amri ya mahakama kuhusu sheria ya aina hiyo, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje, na Rais atalivunja. Tarehe 21 Septemba 2020 Maraga alitoa ushauri huo. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha utekelezaji wake kwa muda ili kesi zilizofunguliwa kuupinga zisikilizwe, na Rais hakulivunja Bunge. Tena ni ibara yenye neno la lazima isiyo na saa, na mshale unaoanzia Mahakamani, unaolenga Bunge, ila njiani unapitia meza ya Ikulu.

Ukivuka mpaka na slaidi ileile kwenda Dodoma, inabidi uichore upya, kwani visanduku vyenyewe vinaingiliana. Kwa Ibara ya 62 ya Katiba ya Tanzania, Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge, na mawaziri wake ni wabunge. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, maana yake Tume inasikilizwa lakini haimfungi. Muswada aliourudisha Rais ukipelekwa kwake tena ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge, Ibara ya 97 inampa siku 21 autie saini, la sivyo alivunje Bunge. Kuna saa pale, lakini kimya hakigeuzwi kuwa ndiyo: wabunge wanaomsukuma Rais wanajua kwamba siku ya 22 huenda wote wakawa majimboni wakiomba kura upya.